Kilo Kumi na Tatu

Mektilda Lugembe hakuwa mtu wa kukosea jina la mtu. Jambo hilo alilijua mwenyewe, wakubwa wake walilijua, na kusema kweli lilikuwa limemtia kiburi kidogo, kile kiburi cha mama anayejua kwamba ugali wake hauna madonge. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa katibu muhtasi wa hospitali moja ya misheni hapa Tabora. Alianza na taipureta iliyokuwa ikipiga kelele korido nzima, akaja kwenye kompyuta nene yenye kichogo, akafika kwenye hii ya sasa ambayo ni nyembamba kama sinia. Kazini walimwita Mama Lugembe, kwa jina la marehemu mumewe aliyekuwa fundi wa reli. Aliishi Isevya, na kila asubuhi alifika ofisini kwa miguu kabla mfagiaji hajamaliza korido.

Aliwahi kukosea mara moja, lakini ilikuwa tarehe, si jina. Miaka hiyo hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya ya wazazi, na Mektilda akawaandikia wageni barua pepe ya mwaliko: Jumamosi tarehe kumi na nne. Tarehe kumi na nne ilikuwa Jumapili. Basi nusu ya wageni walifika Jumamosi, nusu wakafika Jumapili baada ya misa, na mganga mfawidhi alilazimika kukata utepe mara mbili na kusoma hotuba ile ile mara mbili, huku wapishi wakimtazama Mektilda kwa jicho ambalo halikuhitaji tafsiri. Watu walicheka kwa mwaka mzima. Yeye hakucheka. Siku ya tatu alichukua karatasi nene, akaandika kwa kalamu ya wino mzito mambo ya kukagua kabla ya kutuma barua pepe yoyote ya maana, akaibandika ukutani mkabala na kiti chake.

Karatasi ile ilikuwa na sehemu nne: majina, tarakimu, tarehe, viambatisho. Majina yaandikwe kutoka kwenye cheti, herufi kwa herufi, si kutoka kichwani. Kila tarakimu irudishwe kwenye daftari lilikotoka. Kila tarehe itazamwe kwenye kalenda pamoja na siku yake ya wiki. Kila kiambatisho kifunguliwe baada ya kuambatishwa, ndani ya barua yenyewe, si kutazamwa jina la faili tu, halafu vihesabiwe: kama barua imesema viambatisho vitano, viwe vitano. Anwani ya mpokeaji ijazwe mwisho kabisa, ili mkono ukiteleza barua isiondoke kabla ya wakati. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: UKIBADILI KITU KIMOJA, ANZA UPYA.

Hakuwa akikagua peke yake. Muuguzi wa wodi ya watoto, Sista Zabibu, alikuwa akija na karatasi za asili, anakaa upande wa pili wa meza, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuata kwa kidole. Walikuwa kama watu wanaosali rozari, ingawa Zabibu ni Mwislamu. Mwanamke yule alikuwa na ulimi. Akisikia Mektilda ametamka jina la ukoo kwa madaha, atamkatiza: "Mama Lugembe, soma, usiimbe." Kwa mtindo huo walituma mamia ya barua, na hakuna hata moja iliyorudi na aibu.

Nakwambia haya yote ili usije ukadhani alikuwa mzembe. Wazembe tunao, na wengine wamepandishwa vyeo. Mektilda hakuwa miongoni mwao, na hilo ndilo linaloniuma katika habari hii.

Mwezi wa nane, mama mmoja kutoka Ziba, upande wa Igunga, alifika hospitali na watoto wawili mapacha, wasichana wa miaka sita. Mmoja alikuwa mnene wa mashavu na hakutulia. Mwingine alikaa pale alipowekwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, na akipanda ngazi tatu za wodi ilibidi achuchumae apate pumzi. Kwao waliitwa Kulwa na Doto, kama mapacha wote wa Unyamwezini na Usukumani wanavyoitwa: Kulwa aliyetangulia kutoka, Doto aliyefuata. Mgonjwa ni Doto. Mama yao kila mtu alimwita Mama Kulwa. Majina ya ubatizo walikuwa nayo, Yustina na Apolinaria, lakini yalikaa kwenye vyeti na kwenye kitabu cha parokia, na nyumbani hakuna aliyeyatumia hata siku ya sikukuu.

Daktari Adriano, kijana mpole anayetembea haraka, alimsikiliza Doto kifua na uso wake ukabadilika. Bahati nzuri Alhamisi ya tarehe kumi na nne alikuja mtaalamu wa kupima moyo kwa mashine, anayepita mikoani mara chache kwa mwaka. Daktari akaomba wapimwe wote wawili, maana ni pacha, na huwezi kujua. Mtaalamu alitaka vyeti vya kuzaliwa, akaandika kwenye mashine majina ya vyeti, akapima mmoja baada ya mwingine. Kulwa moyo wake ulikuwa mzima. Wa Doto ulikuwa na tundu kubwa katikati. Karatasi za matokeo zikaingia mafaili ya wodi, na nakala zake mbili zikabaki kwenye kompyuta ya Mektilda, kila moja ikiwa na jina la cheti.

"Tundu hili linazibwa," Daktari Adriano alimwambia Mama Kulwa, Mektilda akiwepo. "Lakini lisikae sana. Damu inasukuma mapafu kila siku, mapafu yanakuwa magumu. Yakishakuwa magumu, hata daktari bingwa hawezi tena kuziba. Hapo tutakuwa tumechelewa, mama."

"Tutachelewa lini?" Mama Kulwa akauliza.

"Siwezi kukuambia siku. Nakuambia tusingoje."

Na nafasi ilikuwapo. Septemba, madaktari wa moyo kutoka nje walikuwa wanakuja Dar es Salaam kwa wiki moja kuwapasua watoto bure, watoto kumi na wawili kutoka nchi nzima. Anayetaka nafasi alitakiwa kutuma barua pepe kwa kamati kabla ya saa tisa alasiri, Ijumaa tarehe ishirini na tisa Agosti: maelezo ya daktari, jina kama lilivyo kwenye cheti, tarehe ya kuzaliwa, uzito, na viambatisho vitano, yaani cheti, kipimo cha moyo, majibu ya damu, ridhaa ya mzazi yenye sahihi, na picha. Kamati ingekaa Jumatatu. Baada ya hapo, nafasi nyingine ni Machi.

Alhamisi jioni Mektilda alipiga chapa maelezo kutoka kwenye maandishi ya mkono ya Daktari Adriano. Maandishi ya daktari huyo yalikuwa kama ya madaktari wenzake, Mungu awasamehe. Daktari akasoma kwenye skrini, akaridhika. "Jina la cheti utajaza wewe, Mama Lugembe," akasema. "Mimi nimezoea Doto." Uzito ulikuwa umeandikwa kilo kumi na tatu. Akasema kesho atakuwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi, wasimngoje, watume.

Ijumaa umeme ukakatika saa tatu asubuhi. Mektilda hakushtuka, umeme wa kukatika asubuhi hurudi mchana. Alipanga karatasi mezani, akaweka rula juu yake, akasubiri. Nje ya mlango wake, kwenye benchi la korido, Mama Kulwa alikuwa amekaa na watoto wake. Kulwa alikuwa akihesabu vigae vya sakafu na kukosea makusudi ili mdogo wake amsahihishe. Saa sita Zabibu alichungulia, akasema umeme ukirudi wakati yuko msikitini wasubiriane, atarudi saa nane. Saa nane ikafika, Zabibu hajarudi. Kumbe baada ya sala ya Ijumaa palikuwa na maziko mtaa wa Ng'ambo, na mtu huwezi kuyapita maziko kana kwamba hayakuhusu.

Umeme ulirudi saa nane na dakika ishirini na tano. Kompyuta ikachukua muda wake kuamka, mtandao ukachukua wake. Ilipokuwa tayari, saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini.

Mektilda alianza na majina, kama karatasi ya ukutani inavyotaka. Alikuwa na vyeti viwili mbele yake kwenye mfuko wa nailoni, Apolinaria Marko Masele na Yustina Marko Masele, baba mmoja, tarehe moja, tatu Mei. Yupi ni Doto? Akatazama namba za vyeti. Vilikuwa vimetolewa siku moja na namba zake zimefuatana: cha Apolinaria kimeishia na arobaini na moja, cha Yustina arobaini na mbili. Yeye ni Mnyamwezi, mama yake alizaa mapacha, na mambo haya hakufundishwa na mtu ofisini. Kulwa hutangulia, Doto hufuata. Aliyeandikwa kwanza ni Kulwa, aliyeandikwa pili ni Doto. Basi Doto ni Yustina. Hata hakuhisi kwamba amekisia. Akaandika Yustina Marko Masele, herufi kwa herufi kutoka kwenye cheti, akatia alama ya vema.

Tarehe ya kuzaliwa ikakubali. Tarehe ya barua, Ijumaa ishirini na tisa, akaitazama kwenye kalenda, ikakubali. Akaambatisha cheti cha Yustina, akakifungua, kikafunguka vizuri. Akaambatisha majibu ya damu na ridhaa, yote mawili yameandikwa Doto tu, jina la wodini, akaiona sahihi ya Mama Kulwa iliyoandikwa kwa kukandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Akaambatisha picha. Akaambatisha kipimo cha moyo chenye jina la Yustina, akakifungua, akaweka rula.

Hapa niseme juu ya rula. Mganga mfawidhi wa zamani alikuwa amemfunza kwamba magonjwa ya watu si habari za karani. Yake ni juu ya karatasi: jina, umri, tarehe, idadi ya kurasa. Matokeo ni ya daktari. Mektilda alilishika somo hilo kwa heshima zote, na kila alipofungua majibu ya mgonjwa aliweka rula ya mbao kwenye skrini, akafunika kila kitu chini ya mistari minne ya mwanzo. Wauguzi wapya walimcheka. Aliona fahari. Katika mji huu ambao siri ya mtu husafiri kabla mwenyewe hajafika nyumbani, hakuna aliyewahi kusema Mama Lugembe amemtangaza.

Mstari wa kwanza, jina: Yustina Marko Masele. Wa pili, kuzaliwa: tatu Mei. Wa tatu, tarehe ya kipimo: kumi na nne Agosti. Wa nne, uzito: kilo kumi na tisa.

Akasimama hapo. Barua yake ilisema kumi na tatu.

Karatasi ya ukutani ilijua la kufanya: rudi kwenye daftari. Daftari la mizani lilikuwa wodi ya watoto, kwenye kabati, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa Zabibu, na Zabibu alikuwa makaburini. Akampigia simu, iliita mpaka ikachoka. Akampigia Daktari Adriano. Imezimwa, kama inavyopaswa kuzimwa mtu akiwa ameshika kisu. Saa nane na dakika hamsini na moja. Akachukua yale maandishi ya mkono ya daktari, akayaleta karibu na dirisha. Kumi na tatu ile, ukiitazama kwa muda, juu ilikuwa imejipinda. Ukiitazama zaidi, mkunjo wake wa juu ulikuwa kama umejifunga. Akaitazama zaidi.

Mtu aliyechoka akitaka karatasi zikubaliane, huziona zinakubaliana. Mektilda aliona tisa. Alijilaumu kwamba jana ndiye aliyesoma vibaya, akaona aibu, na ndani ya aibu ile akashukuru kwamba ukaguzi umemwokoa. Akafuta tatu, akaandika tisa. Ile tatu ilikuwa namba pekee katika barua iliyokuwa ikimwambia kwamba huyu si yule mtoto, na ameifuta kwa kidole chake mwenyewe.

Amebadili kitu kimoja. Alipaswa kuanza upya. Alianza upya kwa macho, harakaharaka, jina, jina, tarehe, tarehe, kilo, kilo, na safari hii kila kitu kilikubaliana kuliko barua yoyote aliyowahi kutuma. Viambatisho vitano. Akajaza anwani. Saa nane na dakika hamsini na sita akabonyeza.

Akatoka koridoni akiwa na jasho la furaha. "Imekwenda, Mama Kulwa."

"Asante, mama. Mungu akubariki." Mama Kulwa alimshika mikono yote miwili. Doto alikuwa amelala mapajani mwake, na Kulwa akauliza kama Dar kuna mamba.

Zamani ujumbe kutoka mji huu kwenda pwani ulichukuliwa na miguu ya watu, miezi mitatu, porini na mitoni, na mwenye ujumbe akikumbuka njiani kwamba amekosea, angeweza kumtuma mtu mwenye mbio akamwahi mwenzake huko mbele. Barua ya Mektilda ilifika kabla hajashusha kidole. Hakuna aliyeweza kuikimbilia.

Jibu lilikuja Jumanne asubuhi. Mektilda alisoma orodha ya watoto kumi na wawili, akaisoma tena kutoka chini kwenda juu, kisha akaona aya fupi mwishoni iliyomhusu. Kamati ilishukuru. Kamati ilisema kipimo kilichoambatishwa kinaonyesha moyo wa mtoto Yustina Marko Masele ni wa kawaida, na uzito wake unalingana na umri. Maelezo ya daktari hayakuungwa mkono na kipimo. Mtoto aendelee na kliniki ya karibu.

Aliifungua barua yake aliyoituma. Akafungua kipimo. Rula ilikuwa pale pale mezani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile hakuichukua. Akasoma mpaka chini. Kizungu chake hakikuwa kikubwa, lakini neno la kusema moyo ni wa kawaida alilijua. Kisha akafungua kile kingine, cha Apolinaria. Kilo kumi na tatu. Tundu, na kipimo cha tundu kwa milimita.

Zabibu alipoingia alimkuta ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alisoma skrini akiwa amesimama. Alifungua mdomo, na Mektilda akangoja ule ulimi wake umchape, akautamani kabisa. Zabibu akaketi kwenye kiti chake cha kukagulia, akasema tu, "Ningepita maziko yale." Na huo ulikuwa uongo wa kumpenda mtu, maana wote wawili walijua asingepita.

Daktari Adriano hakupiga kelele pia. Alisoma, akavua miwani. "Uliona kilo hazikubaliani?"

"Niliona, Dokta."

"Ukasahihisha ya kwangu."

"Nilisahihisha ya kwako."

Daktari akatazama mwandiko wake mwenyewe kwenye ile karatasi. Akasema na yeye atajifunza kuandika tatu. Mektilda alitamani kulia kwa jinsi daktari alivyojitwisha sehemu ya kosa ambalo lilikuwa lake yeye lote.

Walituma barua ya kusahihisha ndani ya nusu saa. Safari hii walikagua watatu, na rula ikabaki droo. Kisha Mektilda akampigia simu Najiat, karani wa kamati kule Dar, ambaye hawakuwahi kuonana ila waliandikiana mara nyingi na kuulizana habari za watoto.

"Da Mektilda, nimeiona," Najiat akasema. "Nimeipeleka kwa mwenyekiti mwenyewe kwa mkono. Nimemwambia, huyu mama namfahamu, hakosei."

"Nimekosea."

"Ndiyo. Lakini orodha imeshafungwa, dada yangu. Watoto wamepigiwa simu, wengine wako kwenye basi. Damu yao imetengwa, vitanda vimehesabiwa. Nimtoe nani? Niambie wewe, nimtoe mtoto wa nani?"

Mektilda akaifunga ile orodha kwenye skrini.

"Nimemweka akiba," Najiat akaendelea. "Akiba wawili walikuwapo, yeye ni wa tatu. Mtu akiugua homa, mtu asipofika, wanachukuliwa akiba. Na Machi atakuwa wa kwanza kabisa, hilo nakuahidi. Simu iwe karibu."

Simu ilikuwa karibu. Wiki ile ya upasuaji, Mektilda alilala nayo, akaenda nayo kanisani, akaiweka kando ya sufuria akisonga ugali. Mama Kulwa hakurudi Ziba. Alibaki kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, mizigo imefungwa, ili wakiitwa waondoke na basi la alfajiri. Kila asubuhi alipita mlangoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Bado." Neno hilo moja alilisema Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jumatano Najiat aliandika kwamba akiba wa kwanza amechukuliwa, mtoto mmoja alipatwa na kikohozi. Mektilda akajikuta, Mungu amsamehe, ameketi anawaombea kikohozi watoto wa watu wengine. Alishtuka, akaacha, na dakika kumi baadaye akakuta ameanza tena.

Alhamisi hakikuja kitu. Ijumaa mchana madaktari wageni walipiga picha ya pamoja na watoto, na picha ikasambaa kwenye simu: watoto kumi na wawili wenye plasta vifuani, wamevaa kofia za karatasi. Mektilda alifurahi kwa ajili yao, akalia kwa ajili ya Doto, na hakuweza kutenganisha kimoja na kingine.

Mama Kulwa alikuwa ameambiwa kwamba kamati haikumchagua mtoto, yuko akiba. Hakuna aliyemwambia sababu. Daktari Adriano alitaka kumwambia, Mektilda akakataa. "Ni langu," akasema. Jumamosi asubuhi, kabla ya basi la Igunga, alimwita ofisini, akafunga mlango, akamketisha kwenye kiti cha Zabibu. Doto aliegemea goti la mama yake. Kulwa aliachwa nje na mizigo, akiimba.

Mektilda alimweleza yote, bila kupunguza: vyeti viwili, namba mbili, Kulwa hutangulia na Doto hufuata, kilo kumi na tisa. Aliweka vyeti mezani amwonyeshe. Mama Kulwa hakusoma. Aliweka kidole juu ya cha Apolinaria, moja kwa moja, pale pembeni palipokuwa na doa la chai.

"Huyu ndiye Doto," akasema. "Siku ile ya kuandikisha watoto pale kata, foleni ilikuwa ndefu. Huyu alikuwa anatweta. Yule dada wa kuandika akasema, mgonjwa apite kwanza. Ndiyo akaandikwa kwanza."

"Sikujua," Mektilda akasema.

"Utajuaje? Hukuwepo." Hakuna hasira iliyokuwamo. Alisema kama mtu anayemtetea mgeni aliyepotea njia. Akamfunga Doto khanga kifuani, akavirudisha vyeti kwenye mfuko wake wa nailoni, akaukunja vizuri. Mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa juu juu, na chumba kilikuwa kidogo, ikasikika kila moja.

Mektilda alisema Machi. Alisema wa kwanza kabisa. Alisema Daktari atawapigia kila mwezi, na mtoto akibadilika hata kidogo wasingoje, waje. Mama Kulwa akaitikia kila kitu, eeh mama, eeh mama. Alihesabu kwa vidole miezi ya kwenda Machi, ikamaliza mkono mmoja na kuchukua kidole cha wa pili, akavitazama vidole vile.

Alipofika mlangoni alishika kitasa, akageuka. Hakuwa akilaumu, ingekuwa afadhali angelaumu. Ilikuwa ni jambo ambalo hakulielewa, na alitaka kulielewa kabla ya kupanda basi.

"Ijumaa ile," akasema, "mimi nilikuwa nimekaa hapa nje tangu asubuhi. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa nakuona. Mbona hukuniita?"